Gesti Si Mgeni: Maneno Mepesi ya Kiingereza Yaliyoniponza Lamu

Ami yangu aliponikabidhi kompyuta ya gesti yake ya Mkomani, hapa mjini Lamu, alinipa sharti moja tu: kila barua pepe ya mgeni ijibiwe siku hiyo hiyo, kwa Kiingereza, kabla ya adhana ya magharibi. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, ua mdogo wenye mwasmini na sakafu ya juu yenye upepo, na wageni wake karibu wote walitutafuta kwa mtandao. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, Kiingereza nilikuwa nimekifaulu vizuri, na sikuona sababu ya kuhofu. Siku ile mtu na mkewe, wastaafu kutoka Uingereza, walipotuandikia kuuliza kama tungeweza kuwapokea kwa siku nne, nilijibu kwa muda wa robo saa, nikasoma jibu langu mara mbili, nikaridhika, nikalituma.

Maneno ya Kiingereza nitakayoyataja humu nitayaandika kama yalivyoonekana kwenye kioo cha kompyuta, kwa sababu kisa chote kimo katika umbo lake. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: "Our guest is clean and quiet and has six rooms." Nilikusudia kusema kwamba gesti yetu ni safi, haina makelele, na ina vyumba sita. Chini yake niliandika: "If you want to eat, there are many good hotels near us." Nilikusudia kuwaambia kwamba sisi hatupiki isipokuwa chai ya asubuhi, lakini hoteli za kula haziko mbali, maana ukishuka tu kuelekea pwani utazikuta zimepangana.

Jibu lilikuja asubuhi. Bwana yule, kwa adabu kubwa, alishukuru kwa uwazi wangu, akasema ameelewa kwamba yupo mgeni mmoja aliyekwisha kuvishika vyumba vyote sita, na kwa kuwa nimekuwa mwema hata nikamtajia kwamba zipo nyumba nyingine nzuri za kulala karibu na sisi, angefurahi kama ningemchagulia moja. Nilisoma nisielewe mgeni gani anayezungumziwa. Niliona neno "hotel" katika barua yake, nikadhani anaulizia chakula, nikamtajia hoteli niipendayo mimi, ile inayofunguliwa alfajiri kwa mahamri na mbaazi. Akaniuliza bei yake kwa usiku mmoja. Nikamjibu, bila hata kushtuka, kwamba usiku huwa imefungwa.

Hapo barua zikakatika kwa siku mbili, na Ami, ambaye hesabu ya vyumba vitupu haikumpita kamwe, akataka kujua kulikoni. Alinichukua mimi na karatasi nilizozichapisha hadi kwenye baraza ya nyumba ya pili, ambako baada ya alasiri hukaa mwalimu mmoja mstaafu aliyefundisha Kiingereza miaka mingi. Mwalimu alivaa miwani, akasoma zote kwa utaratibu, asicheke.

"Kamusi unayo?" akaniuliza.

"Naam, Mwalimu, ninayo."

"Uliitumia katika barua hii?"

Nikamwambia niliitumia, nikamwonyesha mahali nilipotaja chandarua, boriti za dari na gharama ya kuvuka maji, maneno niliyoyatafuta moja moja.

"Haya yote ni sawasawa," akasema. "Na hili la kwanza, ulilitafuta?"

"La, Mwalimu. Hilo ni Kiingereza tayari."

"Hilo ndilo lililokuponza, mwanangu. Maneno usiyoyajua yamekutumikia vizuri. Unayodhani unayajua ndiyo yaliyokuhini."

Kisha akanieleza jambo ambalo darasani sikulisikia, na ambalo tangu siku ile nimelitumia kuliko kanuni nyingi nilizokariri. Waingereza wanapounganisha majina mawili, lile lililo kiini cha maana hulitia mwisho, na la kulipambanua hulitanguliza, ambapo sisi tunafanya kinyume: tunasema nyumba ya wageni, nyumba ikiwa mbele. Jina lao la nyumba kama yetu ni "guest house", na Kiswahili kilipolipokea kilifanya kama kinavyofanya kwa mengi marefu, kikashika kichwa kikaacha mkia. Kwa kuwa mkia wa Kiingereza ndio uliobeba nyumba, tuliitupa nyumba tukabaki na mgeni mkononi, na huyo mgeni tukamwita gesti na kumpa maana ya jengo zima. Kwetu hakuna kilichoharibika, kwani kila mtu akisikia gesti anajua ni pahali pa kulala. Kinaharibika pale neno hilo linaporudishwa lilikotoka kana kwamba halikubadilika njiani. Sekondari nayo ni ya ukoo huo huo. Mtoto wa Lamu husema anasoma sekondari na ameeleweka, lakini akimwandikia Mwingereza kwamba anasoma "secondary" na kuishia hapo, amemwambia anasoma "ya pili", na msomaji atabaki akingoja kuambiwa ni ya pili katika kitu gani.

Hoteli ilikuwa na ugonjwa mwingine. Hakuna kilichokatwa katika neno hilo, ila maana yake ndiyo iliyohama. Kwa Mwingereza, "hotel" ni nyumba ya kulala kwa malipo, na chakula kikiwemo ni nyongeza tu. Kwetu sisi hoteli ni kwanza kabisa mahali pa kula, hata kama pana meza tatu na hakuna kitanda. Zile kubwa za kulala watalii tunaziita hoteli pia, na ndiyo maana mtego huu hauonekani kwa urahisi: neno letu limeenea pande zote mbili, la kwao limeenea upande mmoja. Nilipotaka kusema pahali pa kula nilipaswa kuandika "restaurant" au "café", na mwalimu alinitaka niandike "small local restaurants" ili msomaji asije na matarajio ya vitambaa vyeupe mezani.

Lakini aliongeza jambo ambalo naona wengi wanaoandika juu ya makosa haya hulisahau. Kiingereza chetu wenyewe hapa Kenya kimekwisha kuitwaa maana hiyo, hivi kwamba mtu wa Nairobi au Kisumu akiandikiwa "hotel" kwa maana ya pahali pa kula haoni ajabu yoyote. Kwa hiyo sentensi yangu ile ile ingemfikia Mkenya salama na kumpoteza Mwingereza. Kabla ya kuliita neno kosa, inafaa kwanza kujua anayeandikiwa ni nani. Wapo wanaotaka tuache kusema hoteli, tuseme mkahawa, eti ndio usahihi, na mimi siwafuati. Hoteli ni Kiswahili safi kwa maana tuliyoipa, na kosa langu lilikuwa katika Kiingereza.

Niliona pia jinsi makosa mawili yalivyosaidiana. Lau ningekosea gesti peke yake, bwana yule angecheka na kuelewa, maana hakuna mtu anayesifiwa kwa barua kuwa ni safi na hana kelele. Na lau ningekosea hoteli peke yake, angeshangaa kidogo. Lakini mgeni aliyeshika vyumba vyote na hoteli nyingi nzuri za jirani vilipokaa katika barua moja, vikatengeneza hadithi kamili isiyo na pengo: nyumba imejaa, na kijana huyu ananielekeza kwingine. Msomaji hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Kosa linaloifanya sentensi isomeke kama upuuzi hujifichua lenyewe, ila lile linalotoa maana nyingine iliyo timamu ndilo linaloondoka na mteja.

Niliandika upya mbele ya mwalimu, nikaomba radhi, na wageni wale, Mungu awalipe, wakakubali kuja. Ilibaki kuwaeleza namna ya kufika. Ndege za Lamu hutua kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mji, na abiria hutembea mwendo mfupi mpaka jeti, kisha huvuka kwa boti. Baharia wetu, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizoanza mvi, ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni pale jeti. Ami alikuwa akimwita boi, kama watu wa rika lake walivyozoea kumwita kila mwanamume wa kazi, na mimi kwa kuiga, na kwa kiburi cha kuona nimekwisha kufundishwa, nikaandika peke yangu: "Our boy will wait for you at the jet."

Ndege ilitua saa sita mchana. Abiria wakashuka, wakachukua mizigo yao, wakaondoka, na wageni wetu wawili wakabaki pembeni mwa uwanja, karibu na ndege kadiri walivyoruhusiwa, wakimtafuta mtoto. Walivutwa na kijana mmoja aliyebeba maji, wakamuuliza kama ni sisi tuliomtuma, akasema siye. Baharia wetu wakati huo amekaa jetini kivulini, ameshika kibao chenye majina yao, akitazama mlango ambao hakuna aliyekuwa akitoka. Ilipita karibu saa nzima hadi mfanyakazi wa uwanja alipowahurumia na kuwashusha majini. Bwana yule aliniambia baadaye, kwa uso usiocheka, kwamba shaka yake ya kwanza ilikuwa juu ya ndege yenyewe: nilimwambia "jet", naye alikuwa ameshuka kwenye ndege ndogo ya mapanga, akawa anajiuliza kama huenda ipo nyingine.

Hili la jeti ndilo nililolifikiri kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimelifikia kwa akili, si kwa uzembe. Kiswahili hakipendi neno limalizike kwa konsonanti, basi kila neno la Kiingereza linaloishia hivyo tunalifungia irabu: "bank" ikawa benki, "bench" ikawa benchi, "card" ikawa kadi. Mwanafunzi huligundua hilo mapema sana, hata bila kufundishwa, na akitaka kurudi kwenye Kiingereza hufanya kinyume: huing'oa ile irabu ya mwisho. Njia hiyo humfikisha mara nyingi, ndiyo maana huiamini. Mimi niliing'oa irabu ya jeti nikapata "jet", neno la Kiingereza lililo halali, lenye herufi zake zote, ambalo kamusi wala kompyuta isingelipigia mstari mwekundu. Kumbe neno la asili ni "jetty", na irabu ile ilikuwa yao tangu mwanzo. Katika Kiswahili maneno mawili ya Kiingereza yamekutana katika umbo moja, na anayerudi nyuma hana alama ya kumwonyesha ni njia ipi aliyojia. Lori na teksi nazo zina irabu yake ya asili, lakini ukiing'oa unapata kitu kisicho neno, na ukikitazama utashtuka. Jeti ni mbaya kwa sababu haikushtui.

La boi sikulifikiri mimi, nilifikiriwa. Mama yule, mke wa mgeni, alinivuta kando jioni ile na kuniuliza kwa upole kwa nini namwita mtu mwenye umri wa baba yangu mtoto. Nilimweleza kwamba kwetu boi ni kazi tu. Akaniambia kwamba katika Kiingereza neno "boy" ni mtoto wa kiume, na likielekezwa kwa mtu mzima, hasa Mwafrika, linabeba dharau ya enzi ya mabwana na watumishi, na kwamba yeye binafsi lilimuumiza kulisoma. Sikuwa na la kusema. Neno hilo tulilipokea wakati wa ukoloni kutoka katika vinywa vya watu waliolitumia kwa dharau hiyo hiyo, na sisi tukalichukua kama jina la kazi tukidhani ni tupu. Hapa nasema wazi kwamba, tofauti na gesti na hoteli, hili ningependa tuliache hata katika Kiswahili. Ami sikuweza kumwambia hivyo kwa maneno hayo, ila nilimwambia kwamba wageni wanachukizwa, na hilo alilisikia.

Neno lililokuja kututia hofu kuliko yote halikutoka Uingereza kabisa. Nilikuwa nimekwisha kukaa miaka kadhaa, na Ami ameniongezea msaidizi, binti wa jirani, mwepesi wa simu kuliko mimi. Asubuhi moja maji ya bafu la chumba cha juu yalikataa kutoka, naye, kwa kuwa mgeni wa chumba hicho alikuwa nje akitembea, akamtumia ujumbe: "Sorry, the bomb in your bathroom is not working. We will bring another one tonight." Nilikuwa ninafagia ua alipoingia yule mgeni, mwanamke wa umri, ameishika ile simu mbele yake kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama ningependa kuyasoma hayo maneno kabla hajapanda juu.

Binti alikuwa na haki ya kushangaa, maana bomba analijua tangu utotoni: bomba la maji, bomba la mvua, bomba la kuvutia maji kisimani. Na bomu analijua kuwa ni bomu. Alipolitafutia bomba Kiingereza chake, akaling'oa irabu, akaona neno analolifahamu kwa macho, akalitia. Asili ya bomba ni Kireno. Wareno walifika Malindi mwaka 1498 wakiongozwa na Vasco da Gama, wakakaa katika pwani hii hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipotwaliwa na Waomani mwaka 1698, na katika miaka hiyo mia mbili walituachia maneno ya vitu vya nyumbani na vya chomboni, kama meza, leso na kasha. Katika lugha yao "bomba" ni neno moja la mashine ya kuvuta maji na la kombora pia. Kiswahili kilichukua upande wa maji, nao Waingereza, walioletewa neno la ukoo huo kupitia Wafaransa na Waitaliano, wana upande wa vita peke yake. Maneno haya ni ndugu kweli kweli, ila walilelewa nyumba mbali.

Na hata ukishajua kwamba "bomb" siyo, hujamaliza, kwa sababu Kiingereza hakina neno moja la bomba. Lile unalolifungua kwa mkono ni "tap", lile maji yanamopita ni "pipe", lile linalovuta maji ni "pump", na lile linalokunyeshea kichwani ni "shower". Tulipopanda na fundi siku ile tukakuta kwamba lililoharibika lilikuwa mashine ya kupandishia maji kwenye tangi la juu, kwa hiyo binti alistahili kuandika "pump", tena isingekuwa ya bafuni. Nilimwelekeza asianze na kutafuta neno. Aende kwanza akakiangalie kitu chenyewe kinafanya nini, kisha alitafute jina la kitu kinachofanya kazi hiyo.

Nimesimulia hadi hapa maneno yaliyokuja kwetu. Yapo mengine yaliyotoka kwetu, nayo yaliniponza kwa namna ya kuchekesha, kwani niliamini kuwa katika hayo mimi ndiye mwenyewe. Safari ni moja. Wazungu walilichukua katika karne ya 19, na huko kwao limebaki kuwa safari ya porini ya kutazama wanyama, zamani ya kuwawinda. Nilipomwandikia mgeni mmoja kwamba Ami hayupo, yuko "on safari", nikikusudia amekwenda Mombasa kwa matibabu ya macho, alijibu kuwa anamtakia bahati ya kumwona chui.

Lililonigharimu fedha ni dau. Mtu wa Lamu huvipambanua vyombo: dau ni chombo kidogo, mashua ina umbo lake, jahazi ni kubwa zaidi na ndilo lililobeba mizigo ya masafa, na boti kwetu ni ile ya mashine. Mtoto wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa kuunda vyombo, angeona aibu kuvichanganya. Kundi la watu tisa lilituandikia likiuliza kama tuna "dhow" ya kuwapeleka kutwa nzima. Nilisoma neno lile nikaona dau, na dau letu lilikuwa limepandishwa mchangani likisubiri kutiwa kalafati. Nikajibu kwa uaminifu kwamba hatuna. Jahazi la jamaa wa Ami, lenye nafasi ya watu ishirini, lilikuwa limefunga gati mbele ya macho yangu, tanga limekunjwa, nahodha analala. Wale watu walikodi kwingine, na nilipowaona wakipita kwa jahazi linalofanana na letu ndipo nilipokwenda kufungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ambayo ilinieleza kwamba "dhow" ni jina la jumla la vyombo vya tanga vya Bahari ya Hindi na ya Arabu. Jahazi ni "dhow", mashua ni "dhow", dau nalo ni "dhow". Katika hoteli Kiswahili ndicho kilichotanua. Hapa wametanua wao.

Ninayoifanya sasa ni kazi ndogo. Nikimaliza barua, maneno magumu siyarudii. Napitia yale yanayofanana na Kiswahili kwa sura, ambayo katika barua ya ukurasa mmoja hayazidi matano au sita, na kila moja nalitafuta katika kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, kwa sababu ile ya Kiswahili kwa Kiingereza mara nyingi hunipa neno lile lile nililokuwa nalo, ikanirudisha katika mtego na cheti mkononi. Nasoma maana ya kwanza iliyoandikwa na mfano wake, kisha najiuliza ni picha gani mtu huyo anaiona. Mengi hutoka salama, maana baiskeli ni baiskeli kotekote, na kompyuta ni kompyuta. Mtu akianza kuyashuku yote hatatuma barua hata moja kabla ya magharibi. Yanayonikawiza ni majina ya mahali, majina ya watu kwa kazi zao, na neno lolote ambalo natuhumu kuwa limepoteza mkia. Polisi lilinikawiza hivi karibuni, kwa kuwa kwetu ni mtu mmoja na kwao "police" ni kikosi kizima, hata nikiandika amekuja mmoja sharti niseme "police officer".

Wageni wale wa kwanza wamerudi mara tatu. Mara ya mwisho bwana aliandika kwa ufupi, kwa mzaha ambao mimi ningeutambua mara moja, akiuliza kama "the boy" atakuwa "at the jet" kama kawaida. Siku hiyo nilikuwa Mokowe kupokea saruji. Binti, ambaye hakuwahi kusimuliwa kisa hicho na ambaye nilikuwa nimekwisha kumfunza vizuri mno, alimjibu kabla ya magharibi kwamba anasikitika, nyumba hii haina ndege ya namna hiyo, na haiajiri watoto.